Kwa Nini Maandishi ya PDF Hugeuka Mafumbo Yakinakiliwa

Umetumiwa tangazo la shule kwa PDF. Kwenye skrini linasomeka bila taabu, herufi zimesimama sawasawa na nembo ya shule iko juu. Unashikilia kidole kwenye mstari wa kwanza, unaunakili, unaubandika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kinachotokea ni hiki:

7DQJD]R OD PNXWDQR ZD ZD]D]L

Mstari ulionakili ulisema "Tangazo la mkutano wa wazazi". Mwenye haraka ataona takataka tupu, lakini ukiutazama kwa utulivu utaona kuwa hakuna kilichovurugwa ovyo. Neno la kwanza lilikuwa na herufi saba, na bado lina alama saba. Kila palipokuwa na a pana D. Kila palipokuwa na z pana mabano ya mraba. Kila w imekuwa Z. Kitu kimebadilisha herufi kwa utaratibu, tena kwa utaratibu usiokosea hata mara moja.

Wengi wakikutana na hali hii hudhani faili ina virusi, au haikushuka yote kutoka mtandaoni, wakaipakua upya. Wengine hudhani simu yao haina fonti inayotakiwa, wakaanza kubadilisha fonti moja baada ya nyingine. Juhudi zote hizo hazifui dafu. Faili ni nzima, na alama ulizobandika ni D na Q za kweli. Hata ukizivalisha fonti gani zitabaki kuwa D na Q. Kosa limetokea kabla ya kubandika, pale programu ya kusomea PDF ilipoulizwa swali ambalo faili haikuwa na jibu lake: umbo hili lililochorwa hapa ni herufi gani?

Faili inayochora

PDF ilizaliwa katika kampuni ya Adobe ya Marekani. Mwaka 1991 mmoja wa waanzilishi wake, John Warnock, aliandika pendekezo la mradi aliouita Camelot, akitaka hati iweze kutumwa kutoka kompyuta yoyote kwenda nyingine na kuonekana vilevile kwenye skrini na kwenye karatasi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993, na mwaka 2008 muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1. Shabaha ya mwanzo ilikuwa sura ya ukurasa, na shabaha hiyo ndiyo inayoeleza tabia ya PDF hadi leo.

Faili ya Word huhifadhi maandishi yenyewe: herufi T, kisha a, kisha n, na maelezo kwamba zionekane kwa fonti fulani na ukubwa fulani. PDF huhifadhi maagizo ya kuchora. Ukilifungua tangazo letu kwa ndani, neno la kwanza linaweza kuwa limeandikwa hivi:

```
BT
/F1 12 Tf
72 720 Td
<003700440051004A0044005D0052> Tj
ET
```

Maana yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Anza maandishi; chukua fonti iitwayo F1 kwa ukubwa wa 12; nenda pointi 72 kutoka kushoto na 720 kutoka chini ya ukurasa; chora maumbo haya saba; maliza. Ndani ya mabano kuna namba saba za maumbo, zilizoandikwa kwa hesabu ya kompyuta yenye msingi wa kumi na sita. 0037 ya hapo ni 55 kwa hesabu yetu ya kawaida, na 0044 ni 68. Neno "Tangazo" halimo. Herufi T haimo pia. Kilichomo ni amri ya kuchora umbo namba 55, kisha namba 68, kisha namba 81, na kuendelea.

Maumbo hayo yako wapi? Yamo ndani ya faili hiyohiyo. Programu iliyotengeneza PDF kwa kawaida hupachika humo kipande cha fonti, yaani yale maumbo tu yaliyotumika kwenye hati, ili faili isiwe kubwa. Ndiyo maana PDF husomeka hata kwenye simu isiyo na fonti hiyo. Programu ya kusomea huona namba 55, huenda kwenye kipande cha fonti, huchukua mchoro wa 55 na kuuweka mahali pake. Jicho lako ndilo linalotambua kuwa mchoro ule ni T. Kompyuta haikuhitaji kujua hilo ili kazi yake ya kuchora ikamilike.

Namba bila orodha ya majina

Kunakili ni kazi nyingine kabisa. Ili bandiko lisomeke kwenye WhatsApp au Word, kompyuta inapaswa kutoa namba za Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake isiyobadilika. Katika Unicode, T ni 84 na a ni 97, iwe Dar es Salaam, Muscat au Toronto. Namba za maumbo ndani ya fonti hazina uhusiano wa lazima na hizo. Ni kama jezi uwanjani: namba kumi wa timu hii si namba kumi wa timu ile, na bila orodha ya wachezaji mtangazaji atabaki kutaja namba tu.

Orodha hiyo ipo. Ndani ya PDF huitwa ToUnicode, na iliingizwa katika toleo la 1.2 la muundo huo mwaka 1996. Ni jedwali dogo linaloambatana na kila fonti, likisema umbo namba fulani ni herufi fulani. Kwa neno letu, sehemu yake muhimu ingekuwa hivi:

```
<0037> <0054>
<0044> <0061>
<0051> <006E>
<004A> <0067>
<005D> <007A>
<0052> <006F>
```

Kushoto ni namba ya umbo, kulia ni namba ya Unicode: T, a, n, g, z, o. Jedwali likiwapo na likiwa sahihi, unanakili "Tangazo" na kupata "Tangazo", wala hutajua kuwa kulikuwa na tafsiri yoyote katikati.

Lakini kanuni za PDF zinalitaja jedwali hili kuwa si la lazima. Faili isiyokuwa nalo ni PDF halali, hufunguka vizuri na huchapika vizuri. Programu nyingi zilizotengeneza PDF kwa miaka mingi zililiacha, na baadhi bado huliacha. Mara nyingi jedwali hupotea njiani: mtu anapokea PDF nzuri, anaifungua, kisha badala ya kuihifadhi anabofya "Print" na kuichapa upya kuwa PDF ya pili. Kinachopelekwa kwenye mtambo wa kuchapa ni michoro na mahali pa kuiweka, na karatasi haihitaji orodha ya majina. Zana za kupunguza ukubwa wa faili nazo zinaweza kuleta hasara hiyo. Wako pia wachapishaji wanaoliondoa kwa makusudi ili kazi yao isinakiliwe.

Ishirini na tisa

Sasa turudi kwenye D. Programu ya kusomea inapoombwa kunakili na haioni jedwali, inabaki kubahatisha. Baadhi ya programu huichukua namba ya umbo na kuitoa kama kwamba ni namba ya Unicode. Umbo namba 68 linatoka kuwa herufi namba 68, na katika Unicode herufi namba 68 ni D.

Basi kwa nini a iwe umbo namba 68? Fonti nyingi za kompyuta, zikiwamo Arial na Times New Roman, zimepanga maumbo yake kwa mpangilio wa zamani uliotoka kwenye mashine za Macintosh. Nafasi ya 0 ni umbo la kuonyesha kuwa herufi haipo, ya 1 na ya 2 ni za kazi za ndani, na ya 3 ni nafasi tupu kati ya maneno. Kuanzia hapo alama zinafuatana kwa utaratibu uleule wa Unicode. Katika Unicode nafasi tupu ni namba 32. Kutoa 3 kwenye 32 unabaki na 29, na tofauti hiyo inaendelea hivyohivyo kwa alfabeti nzima: T ni 84, ukitoa 29 unapata 55, na herufi namba 55 ni tarakimu 7. Ndiyo maana "Tangazo" lilianza na 7.

Kwa hiyo bandiko lililoharibika kwa njia hii ni fumbo lenye ufunguo unaojulikana. Herufi ndogo hugeuka kuwa kubwa: a ni D, b ni E, i ni L, k ni N, u ni X, w ni Z. Herufi mbili za mwisho zinavuka alfabeti, y inakuwa mkwaju wa nyuma na z inakuwa mabano ya mraba, hivyo "ya" huonekana kama \D na "za" kama ]D. Herufi kubwa hugeuka tarakimu na alama: A ni $, K ni nukta, M ni 0, S ni 6, W ni nukta mbili. Msomaji wa Kiswahili ana dalili ya haraka zaidi. Katika lugha yetu a ndiyo herufi inayojirudia kupita zote, kwa hiyo bandiko lililojaa D kila upande ni la ishirini na tisa bila shaka. Maneno mafupi huthibitisha: ZD ni "wa", QD ni "na", NZD ni "kwa".

Mwenye kompyuta iliyo na Python anaweza kulifumbua kwa mstari mmoja:

```
print(''.join(chr(ord(c)+29) for c in '7DQJD]R'))
```

Jibu litakalotoka ni Tangazo. Hata hivyo, kabla ya kuiamini njia hii kwa hati nzima, angalia kilichotokea kwenye namba.

Tarakimu ndizo za kwanza kuzama

Tuseme tangazo letu linaendelea: "Ada ni shilingi 50,000." Ukilinakili utapata $GD QL VKLOLQJL, kisha kimya. Kiasi cha fedha kimetoweka.

Sababu ni hesabu ileile. Katika Unicode tarakimu 0 hadi 9 zina namba 48 hadi 57. Toa 29 na utapata 19 hadi 28. Namba zote zilizo chini ya 32 zimetengwa kwa ajili ya amri za mashine, amri zilizorithiwa kutoka enzi za mitambo ya simu za maandishi, na hazina umbo la kuonekana. Baadhi ya programu huzionyesha kama vijisanduku, nyingine hazionyeshi chochote, na nyingine huzitupa kabisa wakati wa kubandika. Nukta na mkato nazo huangukia humo. Anwani ya barua pepe hubaki na # badala ya @, na nukta zake hazionekani. Nafasi kati ya maneno huwa namba 3, ambayo pia ni amri isiyo na umbo, hivyo mara nyingine maneno hushikana yote.

Kiswahili kina ajali yake pekee hapa. Kikato cha ng' kikiwa kile kilichonyooka, namba yake ni 39. Toa 29 na unapata 10, ambayo ni amri ya kwenda mstari mpya. "Ng'ombe" anakatwa vipande viwili: herufi mbili zinabaki juu, nne zinashuka mstari wa chini. Kikato kilichopinda, kile ambacho Word hupenda kukiweka chenyewe, kiko mbali zaidi kwenye orodha na hutoka kuwa alama nyingine isiyofuata ile 29.

Hili ndilo la kuogopwa na anayehamisha matokeo ya mitihani, bei za zabuni au vipimo vya dawa kutoka kwenye PDF. Maneno yaliyoharibika hupiga kelele yenyewe. Tarakimu iliyotoweka hainongoni.

Fumbo lisilo na ufunguo, na jedwali linalodanganya

Si kila PDF hufuata ishirini na tisa. Programu nyingine, zinapokata kipande cha fonti, hupanga maumbo upya kwa jinsi yanavyotokea kwenye hati. Neno la kwanza likiwa "Baraza", basi B inakuwa namba 1, a inakuwa 2, r inakuwa 3 na z inakuwa 4. Hati nyingine inayoanza na "Mkutano" itaipa M namba 1. Hata ndani ya hati moja, fonti ya vichwa vya habari na fonti ya maandishi ya kawaida zina mpangilio tofauti, kwa kuwa kila moja ni kipande chake. Hapa bandiko hutoka likiwa vijisanduku, alama za kuuliza au alama ambazo hazifuati hesabu yoyote. Mtu anaweza kulifumbua kwa kuhesabu ni alama ipi inayojirudia zaidi, njia aliyoieleza mwanachuoni Al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9, lakini kwa hati ya kurasa nyingi hiyo ni kazi ya kujitesa.

Aina ya pili ni ya hila zaidi, kwani karibu kila kitu hutoka sawa. Fonti nyingi zina umbo moja linalobeba herufi mbili, hasa f na i, ili kichwa cha f kisigongane na kitone cha i. Umbo hilo lina namba moja, na jedwali linatakiwa liseme kuwa namba hiyo ni herufi mbili. Likikosa kusema, herufi zote mbili hupotea pamoja. "Ofisi" inakuwa "osi", "safi" inakuwa "sa", "hafifu" inakuwa "hafu". Hayo utayaona. Lakini "anafikiri" hugeuka "anakiri", ambalo ni neno kamili la Kiswahili, na kisahihisha tahajia hakitasema lolote. Kwenye nakala ya maelezo ya shahidi au ya mshtakiwa, kati ya kufikiri na kukiri kuna mlima.

Fonti ya Calibri, ambayo Microsoft iliifanya fonti ya kuanzia ya Word katika toleo la 2007, ina maumbo pacha zaidi: t na i, t na t, f na t. Hapo hukumbwa neno ambalo Kiswahili hakiwezi kwenda nalo mbali bila kulitumia. Watu hunakili "katika" wakapata "kaƟka", na "wakati" ukawa "wakaƟ". Jedwali lipo, lakini kwa umbo hilo limepewa herufi isiyo yake. Faida ni kwamba kosa hili ni thabiti: Ɵ huwa ni ti kila mahali katika hati hiyo, na amri ya tafuta-na-badilisha inalimaliza kwa dakika moja. Vivyo hivyo alama Ø au ü zinazojitokeza mwanzoni mwa vipengele vya orodha. Hizo zilikuwa mshale na alama ya vema kutoka fonti ya Wingdings, ambayo imeweka picha mahali ambapo fonti nyingine zina herufi.

Kuipima faili

Kipimo cha kwanza hakihitaji zana yoyote. Fungua PDF, tumia kitafutio chake, na utafute neno unaloliona kwa macho kwenye ukurasa. Likipatikana, programu inazijua herufi za neno hilo. Lisipopatikana, jaribu kuteua mstari kwa kidole au kipanya. Kama uteuzi unafuata maneno moja baada ya jingine, ndani mna maandishi lakini majina yake hayajulikani. Kama hauwezi kuteua neno lolote, au unateua ukurasa mzima kama kipande kimoja, basi hiyo ni picha iliyotoka kwenye skana, na tatizo lake ni jingine kabisa.

Mwenye kompyuta anaweza kwenda ndani zaidi kwa zana iitwayo pdffonts, mojawapo ya zana za bure za Poppler. Ukiandika `pdffonts tangazo.pdf` utapata jibu la namna hii:

```
name             type          encoding    emb sub uni
---------------- ------------- ----------- --- --- ---
ABCDEF+ArialMT   CID TrueType  Identity-H  yes yes no
```

Herufi sita na alama ya kujumlisha mbele ya jina huonyesha kuwa hicho ni kipande cha fonti, si fonti nzima. Safu ya emb inasema fonti imepachikwa. Safu ya kutazama ni uni: ikisema no, jedwali la ToUnicode halipo. Peke yake hilo si hukumu. Kama safu ya encoding inasema WinAnsi, namba za ndani zinafuata mpangilio unaojulikana, na programu ya kusomea itajua herufi bila jedwali. Inaposema Identity-H pamoja na uni no, kama hapa, umeshampata mkosaji: namba ni za maumbo ya fonti hiyo tu, na orodha ya majina haipo. Kumbuka kuwa yes kwenye uni huthibitisha kuwapo kwa jedwali tu; ule mfano wa "kaƟka" hupita kipimo hiki bila kukamatwa.

Ukishapata iliyoharibika

Jambo la kwanza ni kuifungua faili kwa programu nyingine. Programu hazibahatishi kwa njia moja. Moja hutoa namba ya umbo kama ilivyo, nyingine huingia ndani ya kipande cha fonti kutafuta kama kimebaki na majina ya maumbo au orodha yake ya asili. Faili inayotoa mafumbo kwenye kivinjari inaweza kutoa maneno safi kwenye programu nyingine. Ikishindikana, mwombe aliyeitengeneza akutumie faili ya Word iliyotangulia PDF.

Kama hayo yote hayawezekani, iliyobaki ni kuusoma ukurasa upya kama jicho linavyousoma, kwa programu inayotambua herufi kwenye picha. Hapa wengi hukwama kwa sababu wanaipa programu PDF yenyewe, nayo ikiona maandishi ndani huyachukua hayohayo mabovu. Inabidi kwanza maandishi yafutwe, ibaki picha tupu. Kwenye simu, piga picha ya skrini kisha uipe programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Kwenye kompyuta, zana ya bure ya OCRmyPDF hufanya yote mawili kwa amri moja, ikitumia kisomaji cha Tesseract ambacho kina faili ya Kiswahili:

```
ocrmypdf --force-ocr -l swa tangazo.pdf mpya.pdf
```

Sehemu ya `--force-ocr` ndiyo inayoilazimisha igeuze kila ukurasa kuwa picha na kuusoma upya; bila hiyo itakataa, ikisema ukurasa tayari una maandishi. Sehemu ya `-l swa` inaiambia kuwa lugha ni Kiswahili. Ukiisahau itasoma kwa kanuni za Kiingereza, na maneno marefu yenye viambishi vingi ndiyo yatakayoumia. Matokeo yake pia yakaguliwe, kwa kuwa kisomaji cha picha hukosea kwa namna yake: r na n zilizokaribiana huwa m, na tarakimu 1 huchanganywa na l. Kiasi cha fedha, tarehe na namba za simu zilinganishwe na ukurasa wa awali kwa macho, moja baada ya nyingine.

Kazi ya anayeitengeneza

Madhara ya jedwali kukosekana hayaishii kwa anayenakili. Msomaji asiyeona anategemea programu inayomsomea kwa sauti, na programu hiyo huchota maneno kwenye jedwali lilelile. Tangazo ambalo kwa wengine ni zuri, kwake ni mfululizo wa "saba, D, Q, J, D". Kitafutio cha tovuti nacho hakitaipata hati hiyo kamwe, hata kichwa chake kikitafutwa neno kwa neno.

Kwa hiyo dawa ya kweli iko kwa katibu, mwalimu au kijana wa steshenari anayegeuza hati kuwa PDF. Akitumia Word, atoe PDF kwa "Save As" na kuchagua PDF, asipitie "Print". Ndani ya "Options" kuna kisanduku kinachotaja PDF/A, muundo wa kutunzia nyaraka, na kukiteua ni salama zaidi. Kwa ofisi zinazoagiza mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu, herufi ndogo ya mwisho katika jina la muundo huo ina uzito. Ngazi b, kama PDF/A-1b ya mwaka 2005, inadai sura ya ukurasa idumu tu. Hati inaweza kuwa nayo na bado ikatoa mafumbo. Ngazi u, iliyoingia na PDF/A-2 mwaka 2011, inadai kila umbo liwe na jina lake la Unicode. Na PDF ikishakuwa nzuri, itumwe yenyewe kama ilivyo, isichapwe upya kuwa nyingine.

Kisha ipimwe kabla haijatoka ofisini, kwa kunakili mstari mmoja na kuubandika mahali pengine. Mstari uchaguliwe kwa akili, uwe na fi, ti, kikato cha ng' na tarakimu kadhaa. "Ofisi itafungwa katika wiki ya ng'ambo ya tarehe 15" unatosha. Ukibandikika vilevile, herufi kwa herufi na namba kwa namba, hati hiyo iko tayari kutumwa.